Nilimsingizia Mtoto

Aliyefuta picha za marehemu mzee wangu ni mimi. Mjukuu wangu hakuigusa simu siku ile. Alikuwa madrasa.

Nilikuwa nimekaa eda hapa Masalani, sitoki, na simu ndiyo iliyokuwa baraza langu. Kila aliyetoa pole alituma na kitu: dua zenye maua, video za mawaidha, sauti ndefu za jamaa wa Hola na Garissa. Simu ikajaa, ikagoma. Nikaingia kwenye mafaili nipunguze. Humo nikakuta folda imeandikwa `DCIM`, kubwa kuliko zote, jina silijui. Nikasema takataka ndiyo hii. Kumbe ndimo kamera inamoweka picha zake.

Mwanangu alipouliza, nikamtaja mtoto, kwamba alikuwa anacheza gemu. Nilidhani atakemewa yaishe. Akapigwa marufuku kushika simu, na shangazi zake wakampa jina: Mfuta Babu. Nilisikia, nikanyamaza.

Kunyamaza huko kulinigharimu. Vinavyofutwa kwenye mafaili ya simu yangu hukaa pipani siku 30, na kuvirudisha ni kubonyeza tu. Lakini ningeomba msaada wa nani, nami nimeshasema ni mtoto? Eda ni miezi 4 na siku 10. Nilipotoka, pipa lilikuwa tupu.

Kisha akaja mjukuu wangu mkubwa anayeishi Garissa, ameniletea simu mpya. Akaingiza ile barua pepe aliyonifungulia zamani, akafungua Google Photos. Mzee akatokea chini ya miembe yake kando ya Tana, suruali imekunjwa, matope hadi magotini, baada ya mafuriko ya El Niño ya 2023. Nililia, na sikulia kwa furaha peke yake.

Alinieleza vizuri. Nakala zilikuwa zimeshapanda mtandaoni, nami nilifutia kwenye mafaili, kwa hiyo zilizoondoka ni za kwenye simu tu. Ningefutia ndani ya Google Photos kwenyewe, nakala nazo zingekwenda pipani, na baada ya siku 60 zingepotea kabisa.

Zote hazikurudi. Simu ilikuwa imewekwa ipandishe picha kwa Wi-Fi tu, na nyumbani hatuna. Zilipanda tulipokuwa tukilala kwake Garissa, tukimpeleka mzee kliniki. Tulizompiga baada ya kurudi mara ya mwisho, akiwa amekonda, hazimo.

Wote wakashangilia, mtoto kasimama mlangoni, haingii. Nikamwita. Nikasema mbele ya baba yake na shangazi zake: nilifuta mimi, nikakusingizia, nisamehe.

Akanitazama, akamgeukia baba yake. "Nyanya nimemsamehe. Na wewe, baba?"

Baba yake akasema ni wakati wa swala, akatoka.