Picha ya Orodha na Fedha za Mjomba

Siku hizi ukiombwa msaada wa kuandika huletewa simu badala ya karatasi. Mwaka 2025, hapa Mombasa, jirani yangu mmoja mjane alinionyesha picha aliyoipiga mwanawe katika afisi ya wakala mmoja: orodha ya masharti ya viza ya mwanafunzi kwenda Uingereza, iliyobandikwa ukutani. Kijana amekwisha kubaliwa na chuo. Mama alitaka nimpangie makaratasi yake na kumwandikia barua ya kuyafuatanisha. Nakueleza tulivyofanya, kwani kesho huenda ikawa zamu ya nyumba yako.

Kwanza niliinakili picha kwa kalamu, mstari kwa mstari. Pale mwanga ulipofuta maneno niliacha wazi, sikukisia. Kisha tukalinganisha na masharti yenyewe ya serikali ya Uingereza, yaliyoko gov.uk. Hapo yakazuka mambo mawili. Picha ilikuwa imekatika chini, na mstari uliopotea ni ule wa cheti cha kupimwa kifua kikuu, ambacho mtu atokaye Kenya kwenda kukaa zaidi ya miezi sita sharti awe nacho, tena kutoka mahali palipoidhinishwa. La pili, orodha haikuwa na tarehe. Ilitaja matumizi ya pauni 1,023 kwa mwezi kwa asomaye nje ya London, hali ya kuwa tangu tarehe 2 Januari 2025 kiasi hicho kilikuwa kimepanda kuwa 1,136. Kwa miezi tisa inayohesabiwa, upungufu ungekuwa pauni 1,017. Na kabla ya mwaka huo kwisha kilipanda tena. Basi wewe usishike hesabu yangu, tazama ya siku yako.

Baada ya hayo nilichora orodha yetu yenye safu nne: kinachotakiwa, tulicho nacho, kiko kwa jina la nani, na tarehe yake. Ukiacha safu hizo mbili za mwisho, utaandika "fedha, zipo" na kuridhika. Fedha zilikuwapo kweli, lakini zilikuwa katika akaunti ya mjomba aliyeko Maskati. Kwetu sisi mjomba ni mzazi. Katika sheria ile siye. Fedha hukubaliwa zikiwa za mwanafunzi mwenyewe, au za mzazi wake, au za mlezi wake wa kisheria. Hivyo mjomba alimpa dada yake fedha zile ziwe zake, zikaingia katika akaunti ya mama tarehe 1 Julai.

Tena haitoshi kuingia. Yapasa zikae siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiasi kinachotakiwa, yaani karo iliyobaki na yale matumizi ya miezi tisa. Zikipungua hata siku moja, hesabu huanza upya. Tuliweka na ziada kidogo, maana thamani ya shilingi hupanda na kushuka. Taarifa ya benki ilichukuliwa tarehe 29 Julai, na tangu siku hiyo kijana alikuwa na siku 31 tu za kupeleka maombi yake.

Katikati ya kungoja, akatokea mtu wa kumshauri mama kwamba iko njia fupi: taarifa ya benki ya kutengenezwa. Mama alikataa, na alifanya vyema. Uwongo katika maombi yale ukigunduliwa, si kunyimwa viza tu. Mwombaji aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10.

Barua niliiweka mwisho, ukurasa mmoja. Haimo katika masharti, bali yafaa panapokuwa na jambo la kuelezwa. Ilitaja jina la kijana kama lilivyo katika pasipoti, chuo, somo, na ile namba ya CAS aliyopewa na chuo. Kisha ikaeleza mambo mawili tu: kwamba fedha ni za mama, alizopewa na nduguye, na cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya mama ya kuridhia vimeambatishwa, na kwamba Fatma wa benki na Fatuma wa cheti ni mtu mmoja, kama kiapo alichoapa mbele ya wakili kinavyoonyesha. Chini yake makaratasi yamepangwa kwa namba zilezile za orodha. Hapana kusihi wala kujisifu.

Barua, ndugu yangu, haiongezi fedha wala haitimizi siku 28. Ukiona unaiandika ndefu ili kuziba pengo, irudie ile safu ya tatu. Huenda kinachotakiwa bado kiko kwa jina la mtu mwingine.