Bibi Alivyomweleza Binti Yetu

Mama wenzetu, tuwasimulie lililotokea nyumbani kwetu Mlandege. Binti yetu alikuwa akiomba kazi ya ukarani katika duka moja la jumla. Alitakiwa apeleke barua pamoja na maelezo mafupi juu yake mwenyewe. Akaandika: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma. Sina uzoefu."

Sisi wazazi tulisoma tukasema ni mazuri. Kumbe hakuna tulichosoma. Maneno yale angeweza kuyaandika binti yeyote wa mtaa wetu, na mwenye duka asijue amchukue yupi.

Usiku, tukichagua mchele, akamgeukia bibi yake mzaa baba. "Bibi, mtu akikuuliza mimi nikoje, utamwambiaje?"

Tulitazamia sifa. Wapi! "Weye ukikasirika hununa siku mbili," bibi akasema, tukacheka. Kisha akaendelea: "Lakini daftari langu la vitumbua ulilishika weye."

Bibi hajui kusoma. Siku zile binti akiwa sekondari, kila asubuhi kabla ya shule aliandika nani kachukua vitumbua kwa mkopo, na vingapi. Wakopaji walikuwa 13. Ijumaa jioni alipita mlango kwa mlango kudai. "Mzee mmoja alikana deni," bibi akasema. "Hukugombana naye. Ulimfungulia daftari, ukamsomea siku moja moja. Akalipa, na kesho yake akaja kununua tena."

Binti alinyamaza. Kwake yeye ile haikuwa kazi, alikuwa akimsaidia bibi tu. Nasi tulioishi naye nyumba moja tulikuwa tumesahau kabisa, na jambo hilo lilituchoma kidogo.

Akaandika upya usiku uleule. Alifuta "mchapakazi" na "mwaminifu", akafuta na "sina uzoefu". Mahali pake akaweka: "Kwa miaka 3 nilitunza daftari la madeni la biashara ya bibi yangu ya vitumbua, yenye wakopaji 13. Nilikusanya fedha kila Ijumaa na kumkabidhi hesabu jioni ileile." Uaminifu hakuutaja, lakini msomaji angeuona katika ile hesabu ya jioni. Baba yake alitaka aongeze kwamba alikuwa "mhasibu". Akakataa, na alifanya vema: akiulizwa vitabu vya mhasibu, angeonyesha nini? La kununa hakuliandika. "Hilo la nyumbani," bibi alisema.

Asubuhi, kabla ya kuipeleka barua, alimsomea bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Miaka miwili, mjukuu wangu. Ule wa tatu nilikuwa naumwa mguu, sikupika."

Binti akachukua karatasi safi, akaanza kunakili tena tangu mwanzo. Safari hii akaandika 2.