Rangi Ilishika Vumbi

Rangi ya kwanza niliyopaka nikiwa hapa Kalobeyei ilibanduka ndani ya miezi 3. Lilikuwa duka la mama mmoja wa kwetu, anauza unga na maharage. Aliweka pesa kidogo kidogo mwaka mzima ili ukuta wa mbele uwe wa bluu, watu wauone kutoka barabarani. Ukuta ulikuwa wa tofali za saruji, umepigwa plasta wiki 2 tu zilizopita. Mimi nilijua kushika rola, nikafikiri hiyo inatosha.

Dalili niliiona siku ileile, ila sikuielewa. Ukuta ulikuwa kama mita za mraba 10. Lita moja ya rangi ya maji ingetosha koti moja, lakini nilimaliza karibu lita 3 na bado mabaka yalionekana. Plasta tupu ina vitundu vidogo vidogo. Inakunywa maji ya rangi pamoja na gundi yake, juu kunabaki rangi isiyo na nguvu.

Siku mama aliponiita hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uone kazi yako." Hiyo iliniuma kuliko matusi.

Nilimwomba mzee jirani, aliyepaka nyumba Bujumbura miaka mingi, anisaidie. Alichukua kipande cha rangi iliyobanduka, akakigeuza. Nyuma kulikuwa na unga wa plasta. "Unaona? Rangi yako haikuacha ukuta. Ilishika vumbi, na vumbi ndilo lililoacha ukuta."

Niliuza simu yangu, tukaanza upya. Plasta sasa ilikuwa imekauka vizuri; mzee alisema plasta mpya ingojewe kama siku 28, maana ikiwa bado na maji, unyevu unasukuma rangi kutoka ndani na kuacha chumvi nyeupe. Tulikwangua rangi yote, tukapiga msasa, tukafagia vumbi.

Halafu nyufa. Mimi ningepaka filla juu tu. Mzee alinikataza. Kwa ncha ya skrepa aliufungua kila ufa ukawa mpana kidogo, kama herufi V, kwa sababu filla haiwezi kuingia kwenye ufa mwembamba kama unywele. Inakaa juu na kudondoka. Alitoa vumbi kwa brashi, akalowesha kidogo, akasukuma filla ndani kwa nguvu na kuiacha imeinuka kidogo, kwani ikikauka inanywea. Ufa wenye kina tuliujaza mara 2, ya kwanza ikauke kwanza.

Baadaye ikaja puti ya ukuta mzima. Kazi yake ni kuziba vitundu na kunyoosha uso, si kujaza shimo. Tulimwaga unga kwenye maji, tukakoroga ikawa kama uji mzito, kidogo kidogo, maana kwa joto la huku inaganda upesi. Tulifanya asubuhi, ukuta ukiwa kivulini, tumeunyunyizia maji. Jua likiipiga puti mbichi, inapasuka kama matope ya laga. Koti 2 nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kisha msasa laini, na vumbi lifutwe tena.

Nilidhani sasa ni rangi. "Pitisha kiganja," mzee akasema. Mkono ulitoka mweupe. Puti nayo ina unga, nayo inakunywa. Hapo ndipo praima inahitajika: inaingia kwenye uso, inafunga ule unga, na kuupa ukuta kiu iliyo sawa kila mahali. Bila hiyo, sehemu za filla zingeonekana kama viraka chini ya bluu. Praima ilipokauka nilipitisha mkono tena, ukatoka safi. Lita moja ya rangi ikatosha koti nzima, hata ikabaki kidogo.

Kuna kitu kimoja hatukuweza. Ufa wa kona ya mlango ulirudi. Mzee alichora mstari wa penseli kwenye ncha yake na kuandika tarehe. Baada ya wiki chache ufa ulikuwa umeupita mstari. Huo si wa filla; nyumba inatembea, shida iko kwenye msingi. Tulimwambia mama ukweli.

Tena, puti ya saruji usiiweke kwenye nyumba ya tofali za udongo. Ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, itabanduka kama ukoko.

Siku hizi, kabla ya kutaja bei, napitisha kiganja ukutani. Na ninyi wa mashirika, mkiandika orodha ya vifaa vya darasa ikawa na rangi peke yake, mjue mtainunua tena. Yule mama bado ananiuzia unga. Rangi yake ya bluu bado ipo, isipokuwa pale kwenye kona ya mlango.