Nyuso Mbili, Kipenyo Kimoja

Kazi ya picha niliianzia mjini Kitui, kwenye studio ya chumba kimoja karibu na soko, wakati picha bado zilikuwa nyeusi na nyeupe. Wateja wetu wa uhakika walikuwa watu wa kanisa. Mapadre wa Kiailandi wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, wale wa Kiltegan, walikuwa wamefanya kazi Kitui kwa miaka mingi, na kila kipaimara kikiisha tuliitwa kumpiga picha padri pamoja na makatekista wake. Padri mweupe, katekista mweusi tititi, bega kwa bega. Bwana aliyenifundisha alikuwa akisema kwamba picha ile ndiyo iliyokuwa ikimtenga fundi na mtu mwenye kamera.

Ugumu wake ni huu. Kamera hufunguka mara moja kwa wote: kipenyo kimoja, kasi moja ya shata. Lakini nyuso hazirudishi mwanga sawa. Mafundi tunahesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu ikiongezeka mwanga huwa maradufu. Nikimpima mtu mweusi sana na mtu mweupe sana waliosimama mahali pamoja, mara nyingi naona tofauti ya karibu stopu tatu, maana yake uso mmoja unarudisha mwanga mara nane ya mwingine. Ongeza kanzu nyeupe ya padri. Kipimo cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiona kanzu hupunguza mwanga, na anayelipia kosa hilo ni katekista. Macho na meno huonekana, uso unapotea.

Enzi za filamu dawa yake ilikuwa chumba cha giza. Tulimpimia katekista, kwa sababu negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Mahali ambapo filamu haikupata kitu hakuna ujanja unaoweza kukirudisha. Kisha wakati wa kuchapa, ikiwa karatasi inahitaji sekunde 10 chini ya enlaja, tulichukua kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya na kuukinga uso wa katekista kwa sekunde 3 hivi, tukikitikisa polepole ili kisiache alama. Hapo uso wake ulitoka mwepesi zaidi. Padri tulimwongezea sekunde kupitia tundu la kadibodi nyingine, mpaka mikunjo ya paji lake la uso ikaonekana. Fundi asiyetikisa alimwachia katekista duara la mwanga kichwani kama mtakatifu, na watu walicheka.

Picha za rangi zilipokuja, uamuzi huo ulitutoka mikononi. Negativu zilikwenda kwa basi hadi maabara ya Nairobi, na mashine kule ilichapa kwa wastani. Rangi zenyewe zilikuwa na historia yake. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, na mafundi waliiita Shirley. Profesa Lorna Roth wa Kanada, aliyeichunguza habari hii, anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamikia filamu hizo walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautiana vizuri pichani. Sisi tulikuwa tukiandika tu juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu: “Chapa kwa uso mweusi.” Wakati mwingine ilisomwa.

Nilipohamia mjini Wote nilikuwa nimeshaingia kwenye kamera za dijitali, na hapo kanuni iligeuka. Dijitali haisamehe mwanga uliozidi. Uso mweupe ukiungua unabaki bapa kama sahani, na kwenye histogramu rangi nyekundu ndiyo hugonga ukuta wa kulia kwanza, hata kama ile grafu ya jumla bado inaonyesha nafasi. Kwa hiyo sasa nampimia mweupe. Mweusi simsaidii kwa kamera; namsaidia kwa kumpelekea mwanga.

Nitaeleza kwa picha moja, ya nyanya na mjukuu wake, nyumbani kwao nje ya Wote. Mjukuu ana ualbino. Nyanya ni mweusi wa kung'aa, na siku hiyo alijifunga kitambaa cheupe kichwani. Familia ilitaka wapigwe chini ya mwembe. Nilikataa. Majani ya mwembe hutupa kijani, na ngozi nyepesi hukipokea chote, ilhali ngozi nyeusi haikionyeshi sana. Ungepata mtoto mgonjwa karibu na nyanya mzima. Juani nako, udongo mwekundu wa Ukambani humrushia mtoto wekundu chini ya kidevu, na jua lenyewe huyaumiza macho yake.

Tukaenda barazani. Nilianza kwa kuwaweka wote wawili karibu na ukuta. Mita yangu yenye kikuba cheupe, ikiwa ISO 200 na shata 1/125, ilisoma f/5.6 mbele ya kila mmoja: mwanga uleule. Nikapima nyuso zenyewe. Mtoto alisoma f/8, nyanya f/2.8. Hizo ndizo zile stopu tatu.

“Nyanya, naomba usogee huku ukingoni.”

“Mwanangu, wataka nikae peke yangu?”

Hakukaa peke yake. Baraza ilikuwa inapokea mwanga kutoka ubavu mmoja, kwa hiyo nyanya alikaa kitini upande huo wa wazi, na mtoto akasimama nyuma ya bega lake la ndani. Kwa kamera wako pamoja. Kwa mwanga wametengana. Mama wa mtoto akashika shuka jeupe kwa urefu wa mkono kutoka shavu la nyanya lililo kivulini. Ukingo ulinipa nusu stopu, na shuka nusu nyingine. Mita ikasoma f/8 kwa nyanya na f/5.6 kwa mtoto.

Nikaweka f/5.6, kipimo cha mtoto. Tofauti ya nyuso ilishuka kutoka stopu tatu hadi mbili, na hapo nikaacha. Shuka lilifanya jambo jingine ambalo namba hazisemi: ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, na kitu kipana cheupe kilipeleka shavuni mng'ao mrefu, laini. Kitambaa cha kichwa nilikichunguza kwenye skrini. Nyuzi zake zilionekana. Mtoto nilimwambia afumbe macho, afungue nikifika tatu.

Kijana mmoja wa pale, alipoziona picha, aliomba nimng'arishe nyanya zaidi kwenye kompyuta. Naweza, ikiwa nimepiga RAW, lakini ukivuta sana kivuli huja chembechembe na ngozi hugeuka kijivu. Isitoshe, nyanya hakuomba.

Njia hii haifai kwa darasa zima. Sensa ya 2019, ya kwanza nchini kuwahesabu watu wenye ualbino, ilipata 9,729, na shuleni mara nyingi namkuta mmoja tu katikati ya safu nne. Walimu hupenda kumweka katikati. Mimi namhamishia upande ulio mbali na mwanga, pamoja na rafiki yake ili asionekane ametengwa, napanga safu zote kwenye kivuli cha jengo kabla ya saa nne asubuhi, nampimia yeye, kisha naongeza mwanga wa waliobaki kwenye RAW kwa stopu moja, si zaidi.