Jumla Inapodanganya

Sisi waandishi wa habari tukipata vyanzo viwili vinavyokubaliana, tunapumua. Jarida la mtandaoni ninaloliandikia lina programu isiyopumua kirahisi hivyo. Kila usiku inachukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya malipo, inaiweka kando ya leja yetu, kisha inavihoji vyote viwili kama mashahidi.

Chukulia siku moja. Ada ya mwezi ni shilingi 5,000. Taarifa ya kampuni ilikuwa na miamala 42, jumla 205,500. Leja yetu nayo ilikuwa na malipo 42, jumla 210,000. Tofauti ni 4,500. Mhasibu aliikuta haraka: msomaji mmoja alituma 500, sifuri moja ikamponyoka, na leja ikaandika bei ya ada badala ya pesa iliyoingia. Hapo wengi wetu tungefunga daftari tukalale.

Programu haianzi na jumla. Inaanza na namba ya muamala, ile inayokuja kwenye meseji ya malipo, na kuangalia kila namba imetokea mara ngapi upande huu na upande ule. Namba moja haikuwemo kabisa kwenye leja: dada mmoja alilipa, ujumbe wa kampuni haukufika kwenye seva yetu, akabaki amefungiwa mlango. Nyingine ilikuwemo mara mbili: kampuni ilituma ujumbe, haikupata jibu kwa wakati, ikatuma tena, nasi tukaandika zote. Aliyekosekana na aliyerudiwa wakafichana, idadi ikatimia 42.

Nilimuuliza kijana anayeitunza, mbona isipige kelele kila inapokosa namba? "Kaka, shida ni saa," akasema. Seva huhesabu kwa UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Mtu akilipa saa saba usiku, Jumanne imeshaanza, seva inamwandika Jumatatu saa nne usiku. Ukilinganisha tarehe kwa tarehe, kila siku utaokota wapotevu wa uongo. Kwa hiyo programu hugeuza nyakati zote ziwe za saa moja, na malipo ya karibu na usiku wa manane yasiyopata mwenzake huachwa yatafutwe tena usiku unaofuata. Yakikosekana tena, ndipo mtu anaamshwa.

Yale yaliyorudiwa hayafutwi. Linaandikwa ingizo jipya la kutoa 5,000, lenye namba ileile, ili atakayesoma leja mwakani aone kosa na marekebisho yake.

Yule dada alifunguliwa akaunti asubuhi, kabla hajapiga simu. Kwa jumla peke yake, shahidi wake angekuwa mmoja tu: meseji iliyobaki kwenye simu yake.