Asubuhi Yangu Huanza Jioni

Wasee, zile video za kuamka saa 10 usiku ukimbie, usome, uandike malengo, jaribu na watoto wawili hapa Kiambere. Mimi nilijaribu siku tatu. Kadogo kalisikia mlango ukilia, kakaamka, mipango ikaishia hapo.

Sasa nahesabu kinyumenyume. Lazima nitoke saa 1:15. Kuwalisha na kuwavisha ni dakika 45, na 15 naziacha wazi, maana kila siku kuna kiatu kinapotea. Kwa hivyo wao wanaamka 12:15. Mimi 11:50. Hizo dakika 25 ni za kuweka uji jikoni na kunywa chai kwa utulivu, basi.

Kazi zingine zimehamia jioni: maji yashachotwa, nguo zimepangwa, unga wa wimbi umelowekwa. Asubuhi naumimina kwenye maji yanayochemka, nakoroga kama dakika 10, umeiva. Lakini na joto la huku, loweka ukienda kulala, si mchana. Ukichachuka sana, kadogo kanakataa, na hapo umeanza upya.

Mtoto akikesha akilia? Nafuta chai yangu, nalala mpaka 12:15. Uji unachelewa kidogo, na zile dakika 15 ndizo zinalipa.