Jina Pembeni mwa Ukurasa

Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya wa sheria katika chuo kimoja hapa Bunia, hotuba iliyonikaa kichwani haikuwa ya dekani. Ilikuwa ya sefu wa promosheni, kijana aliyechaguliwa na wenzake, naye alikuja na jambo moja tu: noti za pamoja.

"Bandugu," alisema, "profesa mgeni anatoka Kisangani, anamaliza kozi nzima kwa wiki moja, kisha anarudi. Hakuna mkono mmoja utakaoandika yote."

Basi kila somo litakuwa na waandishi wawili wa zamu na msomaji mmoja. Jioni ile ile waandishi watalinganisha madaftari. Wakitofautiana, wataweka alama ya kuuliza badala ya kubahatisha. Msomaji atahakiki kila kifungu katika kitabu chenyewe cha sheria. Kesho yake faili litagawiwa kwa Bluetooth, maana megabaiti ni pesa, likiwa na tarehe, kozi na namba ya toleo.

Mmoja akauliza: kwa nini tujisumbue, na wakubwa zetu wametuachia silabasi zao? Sefu akamjibu kwa mfano. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 352, iliruhusu msichana aolewe akitimiza miaka 15, na mvulana aoe akitimiza 18. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikaweka 18 kwa wote. Lakini silabasi iliyonakiliwa kutoka silabasi nyingine yaweza kuibeba ile 15 hadi leo, tena kwa mwandiko safi. Utaijua siku ya mtihani, karatasi nyingi zikiwa na kosa lile lile kwa maneno yale yale.

Ndiyo maana alidai kila kanuni iandikwe na kifungu na tarehe ya sheria yake, na pembeni mwa kila ukurasa pawe na jina la aliyeandika. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisifutwe, na aliyesahihisha naye aweke jina. Baadhi walinung'unika kwamba wanatafutiwa lawama. "Hapana," alisema, "nataka nijue nikamuulize nani."

Pia hakuficha udhaifu wa mpango huo: wenye bidii huishia kuwaandikia wavivu, na asiyehudhuria hujiona amesoma. Zamu yaweza kutibu la kwanza. La pili halina dawa katika faili.

Mimi nililibeba lile la jina. Hapa Ituri, "wanasema wanakuja", bila jina la msemaji, yatosha kuifanya familia ifunge magodoro usiku. Mara nyingine ni kweli, kwa hiyo kupuuza si busara. Siku hizi nauliza: nani ameona, wapi, saa ngapi? Na ninapopeleka habari kwa jirani, namwambia nimeipata kwa nani, na kama sikuona kwa macho yangu, nalisema hilo kwanza.